Mteja Kahama, Mauzo Yamebaki Tanga

Mteja namba 4071 alinunua friji mwaka 2023 akiwa Tanga. Tarehe 1 Machi 2024 akahamia Mwanza. Karani akifuta Tanga na kuandika Mwanza, ripoti ya 2023 nayo inageuka: friji ile inahesabiwa Mwanza, mji ambao mteja alikuwa hajahamia.

Ralph Kimball, mbunifu wa maghala ya data, aliiita dawa yake aina ya pili. Mstari wa Tanga haufutwi, unafungwa tarehe 29 Februari. Wa Mwanza unafunguliwa kesho yake, na mwisho wake huandikwa `9999-12-31`, yaani bado unatumika.

Kila mstari una ufunguo wake, 118 na 562. Friji inabaki na 118.

Anayehesabu mistari atapata wateja wawili. Ahesabu namba 4071, isiyobadilika.