Lango lililoshikwa na kutu lahitaji mafuta ya aina mbili

WAKAZI wa Pwani wanaoishi karibu na bahari, kutoka Likoni hadi Malindi, wamezoea kuona lango la chuma lililofunguka kwa kidole mwaka jana likikataa kusogea mwaka huu. Kwanza lango hulia, kisha huwa zito, na mwishowe bawaba zake hushikana kana kwamba zimechomelewa pamoja.

Wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili: hulisukuma kwa bega, au hulimiminia mafuta ya kupikia. Hatua ya kwanza ni ya hatari, kwa kuwa lango la bati nzito laweza kuzidi kilo 100, na kiungo kilichodhoofishwa na kutu kikikatika, mzigo huo wote humwangukia aliye karibu. Hatua ya pili hunyamazisha kelele kwa siku chache tu.

Bawaba za malango mengi ya chuma nchini ni za mviringo, zenye umbo la risasi. Kila moja ina vipande viwili. Kipande cha chini, kilichochomelewa kwenye nguzo, kina pini iliyosimama wima. Kipande cha juu, kilichochomelewa kwenye lango, kina tundu linalovaa pini hiyo na kuizunguka.

Nafasi iliyopo kati ya pini na tundu ni nyembamba mno. Chuma kinapogeuka kutu hufura, na kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, pengine mara mbili hadi sita. Hivyo basi, tabaka jembamba la kutu latosha kujaza nafasi yote na kuibana pini kama kabari. Kandokando ya bahari mambo huenda kwa kasi zaidi, kwani chumvi inayoletwa na upepo hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu wa hewani.

Kutokana na hali hiyo, kazi ni mbili, na kila moja ina mafuta yake. Kulegeza kutu kwahitaji mafuta mepesi yanayoweza kupenya katika nyufa ndogo kabisa. Kuilinda bawaba baada ya kulegea kwahitaji mafuta mazito yasiyokimbia wala kuoshwa na mvua. Mafuta ya kazi moja hayafai kwa kazi ya pili.

Chukua mfano wa lango la ubao mmoja huko Kisauni, lililofungwa kwa miezi minane mwenye nyumba akiwa bara. Bawaba ya juu inalia tu, lakini ya chini imeshikana kabisa. Jambo hilo si la ajabu, kwa sababu ya chini ndiyo inayorushiwa maji na matope mvua inaponyesha.

Kabla ya kugusa bawaba, fundi huweka kipande cha mbao na kabari chini ya ncha ya lango iliyo mbali na nguzo, ili uzito upungue kwenye pini. Kisha hukagua sehemu zilizochomelewa. Akiona ufa, au chuma kilicholika hadi kuwa chembamba, huacha kazi hiyo hapo na kumwita mchomeleaji, kwa kuwa hakuna mafuta yanayotibu chuma kilichokwisha.

Iwapo hakuna ufa, husugua kutu ya nje kwa brashi ya waya hadi mstari unaotenganisha vipande viwili uonekane. Hapo ndipo hutia mafuta ya kulegeza kutu, yale yanayouzwa madukani katika mikebe ya kupuliza. Asiyeyapata aweza kuchanganya kwa vipimo sawa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Mchanganyiko huo hujitenga upesi, hivyo hutikiswa kila unapotumika. Aidha, hushika moto haraka na kubambua rangi.

Baada ya kutia mafuta, hugonga bawaba kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya haraka pande zote, kwa dakika mbili au tatu. Kusudi si kuisukuma pini bali kuitikisa kutu ipasuke ili mafuta yapate njia. Kisha huacha usiku kucha, na asubuhi hurudia.

Siku ya pili lango hujaribiwa kwa mikono, sentimita moja au mbili, mbele na nyuma. Likisogea kidogo halafu likakwama, halilazimishwi kuendelea. Hurudishwa lilikotoka, likaongezwa mafuta na kujaribiwa tena. Uji wa rangi ya hudhurungi unaotoka kwenye mstari ni dalili njema, maana kutu inasagika na kutoka nje. Kwa mwendo huo, lango la Kisauni laweza kufunguka lote kufikia siku ya tatu.

Wapo wanaotumia moto wa gesi. Kwa kweli joto hupanua chuma na kuvunja mshiko wa kutu, lakini halifai kutumiwa penye mafuta yaliyokwisha tiwa, wala kwenye chuma kilichopakwa zinki, kwani moshi wake huleta homa. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye uzoefu.

Bawaba zote mbili zikishazunguka, lango huinuliwa kwa jeki ya gari iliyowekewa mbao juu yake, kiasi cha sentimita mbili tu, huku mtu wa pili akilishikilia. Pini isitoke kabisa tunduni. Malango mengine yamechomelewa kizuizi juu ya bawaba ili wezi wasiyang'oe. Hayo hayainuliwi, bali hutiwa mafuta kupitia mwanya uliopo.

Utambaa mrefu huzungushwa kwenye pini iliyo wazi na kuvutwa huku na huku, kama afanyavyo mpiga viatu rangi, hadi utoke bila wekundu. Mafuta mepesi yote yafutwe, la sivyo yataiyeyusha grisi itakayofuata.

Sasa ni zamu ya mafuta mazito. Kwa lango la nje, yafaayo ni grisi inayostahimili maji, kama ile ya beringi za magurudumu ya trela zinazoshusha mashua baharini. Hupakwa kuizunguka pini, lango likateremshwa na kufunguliwa na kufungwa mara kumi. Grisi itakayojitokeza nje hufutwa, kwa sababu hunasa mchanga, nao mchanga ndani ya grisi husaga chuma kama msasa.

Mafuta ya kupikia hayafai, kwani hukauka na kuwa ulimbo. Mafuta ya taa hupenya vizuri lakini hukauka na kuacha chuma kitupu. Oili chakavu ya gari hubeba vumbi la chuma na huchafua ukuta.

Mlango wa ndani hauhitaji grisi ya trela. Pini huchomolewa moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja, ikafutwa na kupakwa mafuta ya mgando kidogo au nta ya mshumaa.

Kama lango bado linalia baada ya yote hayo, ncha yake iinuliwe kidogo kwa ubao. Kelele ikitoweka, kasoro ni kwamba lango limelala na bawaba hazimo tena katika mstari mmoja. Hapo dawa ni kuzichomelea upya.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, yafaa grisi iongezwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Nayo nyumba yenye lango moja tu lisilofunguka isingoje siku ya tatu bila njia nyingine ya kutokea, maana moto haungoji kutu ilegee.