Skrini Pana, Gemu Nyembamba

Mtu akinunua monita pana ya inchi 34 hutarajia kila gemu lijae kioo kizima. Akifungua Elden Ring, la mwaka 2022, anakuta mikanda miwili myeusi, mmoja kulia, mwingine kushoto. Monita ni nzima. Gemu lenyewe ndilo lililofungwa kwenye umbo la 16:9, lile la televisheni za kawaida.

Monita nyingi za aina hiyo zina pikseli 3440 kwa upana na 1440 kwa kimo. Picha ya 16:9 yenye kimo hichohicho ina upana wa pikseli 2560 tu. Zinabaki 880 zisizo na kazi, yaani 440 nyeusi kila upande.

Wasiovumilia weusi huo huilazimisha picha ijae, na hapo kila kitu kinanenepa kwa thuluthi moja hivi. Angalia ramani ndogo ya duara au alama ya kulengea shabaha: ikiwa imekuwa kama yai, picha imevutwa. Kwanza chagua 3440 x 1440 ndani ya gemu. Kipimo hicho kisipokuwepo, na kadi yako ni ya Nvidia, ingia NVIDIA Control Panel, sehemu ya "Adjust desktop size and position", uchague "Aspect ratio" badala ya "Full-screen". Mikanda itarudi, ni kweli, lakini kwangu mimi afadhali mikanda kuliko mashujaa waliovimba.

Wengi hukimbilia FOV wakidhani itaondoa mikanda. Haiondoi. FOV huamua kamera ya gemu ione pembe pana kiasi gani. Chukua gemu linaloonyesha nyuzi 90 kwa upana kwenye skrini ya 16:9. Kwa kimo huwa linaonyesha kama 59. Likihamia skrini pana, gemu lililotengenezwa vizuri huziacha hizo 59 na kuongeza pembeni hadi karibu 107, kwa hiyo unaona zaidi. Jingine hung'ang'ania 90 za upana, kisha hukata juu na chini hadi kimo kibaki na nyuzi 45. Utalijua kwa sababu bunduki mkononi huonekana kubwa kupita kiasi na sakafu iliyo mbele yako hupotea. Hapo ndipo FOV inaposaidia: ipandishe hadi 107. Ila soma kwanza maelezo ya mpangilio huo, maana baadhi ya magemu hupima kimo, na 59 yao ni sawa na 90 ya wenzao.

Ukiipandisha sana, vitu vya pembezoni vitarefuka hata kama picha haijavutwa, kwa kuwa pembe pana inatandazwa kwenye kioo bapa. Alama ya katikati ikiwa bado duara kamili huku nguzo za pembeni zimenenepa, usiguse mipangilio ya kadi; punguza FOV nyuzi tano tano mpaka macho yaridhike.