Ngazi Inayomtetemesha Mhusika

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Donkey Kong, gemu ya mashine za sarafu iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto. Jamaa mmoja mwenye kofia hukwepa mapipa yanayobingirika na kupanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi amfikie sokwe aliyemteka mwanamke juu kabisa ya jengo. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba, akishaanza kupanda, hawezi tena kuruka wala kwenda kando. Akiwa ameshika nyundo, ngazi hazipandi kabisa. Na mchezaji akiachia usukani katikati ya ngazi, mhusika hutulia pale pale.

Utulivu huo huonekana kitu kidogo mpaka mtu ajaribu kuutengeneza mwenyewe. Vijana wengi wanaojifunza kutengeneza gemu huanza na aina hii ya kukimbia, kuruka na kupanda majukwaa, na wengi hukwama mahali pamoja. Mhusika anapanda kwa shida kana kwamba kuna anayemvuta miguu. Akiachwa katikati, anateleza chini polepole. Akifika juu hatui sakafuni, bali anarukaruka au kutetemeka huku picha yake ikibadilika mara anapanda, mara anaanguka. Wanaoliona tatizo hili kwa mara ya kwanza hudhani uvutano umewekwa mkubwa mno. Basi huupunguza, au huongeza kasi ya kupanda, na kutetemeka kunabaki. Chanzo chake kiko kwingine.

Tuchukue mfano halisi katika Godot, injini ya gemu iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, ambayo tangu mwaka 2014 imekuwa huria na ya bure. Godot hukokotoa mwendo wa vitu mara 60 kwa sekunde, isipokuwa mtengenezaji abadilishe mwenyewe. Kila hesabu moja tuiite fremu. Uvutano wake wa kawaida ni 980, maana yake kila sekunde kasi ya kuanguka huongezeka kwa pikseli 980 kwa sekunde. Ukigawanya kwa fremu 60, kila fremu inaongeza kasi ya karibu 16.3. Kumbuka pia kwamba kwenye skrini namba huhesabiwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo kupanda ni kasi hasi na kuanguka ni kasi chanya.

Kodi ya kwanza ya mwanafunzi huwa hivi:

```
if kwenye_ngazi:
    velocity.y = Input.get_axis("ui_up", "ui_down") * 120
velocity.y += 980 * delta
move_and_slide()
```

Inasomeka vizuri. Mhusika akiwa kwenye ngazi, kitufe cha juu kinampa kasi ya pikseli 120 kwa sekunde kwenda juu, na cha chini kinampa 120 kwenda chini. Kisha uvutano unaongezwa, halafu mwili unasogezwa. Kasoro imejificha kwenye mstari wa tatu, ambao hauulizi kama mhusika yuko ngaziani au hewani. Unamwongezea 16.3 kila fremu, popote alipo.

Fuata hesabu uone dalili zinavyojitokeza moja moja. Anayepanda hapati 120 bali 120 ukitoa 16.3, yaani karibu 104. Anayeshuka anapata 136. Hiyo ndiyo sababu ya ile hisia kwamba kupanda ni kuzito na kushuka ni kwepesi. Na asiyebonyeza kitu? Kasi yake inawekwa sifuri, kisha inaongezwa 16.3, kisha anasogezwa. Fremu inayofuata hali ni ile ile. Hivyo anateleza chini pikseli 16 kwa sekunde, ambazo katika gemu nyingi za michoro midogo ni urefu wa kigae kimoja kamili. Hapati kasi zaidi kwa sababu kila fremu anaanza upya na sifuri, na ndiyo maana mteremko wake ni wa taratibu, usiofanana na kuanguka. Mtu akiona mteremko wa aina hiyo, ajue uvutano unaongezwa baada ya kasi ya ngazi kuwekwa.

Kileleni mambo yanachanganyika zaidi. Gemu hujua kama mhusika yuko ngaziani kwa kutumia eneo lisiloonekana lililofunika ngazi, na kwa kawaida eneo hilo huishia pale pale sakafu ya juu inapoanzia. Mwili wowote unaoligusa huhesabiwa kuwa ngaziani. Kwa hiyo nyayo za mhusika zinapovuka mpaka kwa pikseli moja tu, jibu linabadilika kuwa hayupo. Lakini bado ana kasi ya 104 kwenda juu. Uvutano unaipunguza fremu baada ya fremu, na kabla haijaisha, anakuwa amepaa karibu pikseli 5 juu ya kilele. Kisha anarudi chini. Nyayo zikiligusa eneo la ngazi, na kidole cha mchezaji kikiwa bado kwenye kitufe cha juu, anatupwa tena. Mzunguko mzima unachukua fremu kama 13, yaani kuruka mara nne au tano kila sekunde.

Hapo ndipo wengi hufanya marekebisho ya kwanza ya maana. Wanaondoa uvutano mhusika anapokuwa ngaziani, na wanaifuta kasi yake mara anapotoka. Kuteleza kunaisha, kasi ya kupanda na ya kushuka inalingana, kurukaruka kunakoma. Mahali pake panakuja kitu kinachoudhi zaidi: mtetemeko mdogo wa haraka.

Kwa nini? Sasa kila fremu ya kupanda inamsogeza pikseli 2 kamili, yaani 120 ukigawa kwa 60. Tuseme hatua ya mwisho imemtoa nje ya eneo kwa pikseli moja. Kasi imefutwa, uvutano umerudi, naye anaanza kuanguka kutoka sifuri. Fremu ya kwanza anashuka robo ya pikseli. Fremu ya pili anakuwa ameshuka jumla ya 0.8, na ya tatu 1.6. Ameshaingia tena kwenye eneo. Fremu ya nne anapandishwa pikseli 2 na kutoka nje upya. Mzunguko ni wa fremu nne au tano, kwa hiyo anatikisika mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Jicho halioni mwendo wowote wa kueleweka, linaona mtu anayetetemeka kama mwenye homa.

Tazama kilichotokea katika hesabu hiyo. Uvutano unafanya kazi yake sawasawa, na kasi ya kupanda haina kosa. Kosa ni kwamba mstari mmoja mwembamba umepewa kujibu maswali mawili: mhusika aingie ngaziani lini, na atoke lini. Anayeutoka anatimiza papo hapo masharti ya kuurudia. Kuongeza kasi ya kupanda kunakuza tu ukubwa wa mruko. Kulirefusha eneo la ngazi kupita sakafu, dawa nyingine inayopendwa, kunauhamisha mtetemeko: sasa mhusika anatetemeka akiwa ananing'inia hewani juu ya sakafu.

Tiba ni kuacha kuliuliza eneo kila fremu, na badala yake kumpa mhusika hali. Ama yuko katika hali ya kawaida, ambamo uvutano unamtawala, ama yuko katika hali ya ngazi, ambamo uvutano haumhusu kabisa. Hali haibadiliki kwa sababu tu mwili umegusa kitu. Inabadilika kwa tukio maalumu.

```
if hali == NGAZI:
    var mwelekeo = Input.get_axis("ui_up", "ui_down")
    velocity = Vector2(0, mwelekeo * 120)
else:
    velocity.y += 980 * delta
move_and_slide()
if hali == NGAZI and velocity.y < 0 and position.y <= juu:
    position.y = juu
    velocity = Vector2.ZERO
    hali = KAWAIDA
```

Hapa `juu` ni kimo cha sakafu ya kileleni, na nafasi ya mhusika inapimwa kwenye nyayo zake. Mistari minne ya mwisho ndiyo inayoumaliza mtetemeko. Hatua ya mwisho ikimpitisha kilele kwa pikseli moja na nusu, anarudishwa kwenye kimo kamili kabla picha haijachorwa, kasi inafutwa, na hali inageuka. Fremu inayofuata uvutano unarudi, lakini unamkuta ana sakafu chini ya miguu.

Sakafu hiyo lazima iwepo. Ikiwa ngumu pande zote, kichwa kitagonga chini yake na kupanda kutaishia hapo. Isipokuwepo, mhusika atadumbukia alikotoka. Inayofaa ni jukwaa la upande mmoja, linalopitika kutoka chini na kukanyagika kutoka juu. Godot inalo tayari: ni kuwasha `one_way_collision` kwenye umbo la jukwaa. Mega Man ya Capcom, iliyotoka mwaka 1987, hufanya vivyo hivyo machoni pa mchezaji. Kichwa cha ngazi kinakanyagika, na kabla ya kusimama juu yake mhusika huonyeshwa kwa picha ya pekee akijiinua. Picha hiyo inapendeza, lakini pia inamwambia mchezaji waziwazi kwamba ngazi imekwisha.

Upande wa kuingia nao unahitaji ulinzi. Anayesimama juu huku bado amebonyeza kitufe cha kupanda asirudishwe ngaziani. Sharti moja linatosha: kitufe cha juu kimuingize ngaziani pale tu nyayo zikiwa chini ya kilele kwa pikseli 4 au zaidi. Anatoka kwenye kilele, lakini kuingia ni chini zaidi, na kati ya mipaka hiyo miwili hakuna kinachobadilika.

Kushuka kutoka juu ndiko husahaulika. Mchezaji anabonyeza chini, hali inakuwa ya ngazi, mhusika hasogei hata kidogo, kwa sababu jukwaa la upande mmoja linamzuia. Njia ya uhakika ni kuliweka jukwaa hilo kwenye tabaka lake la mgongano, na kumfanya mhusika asilione tabaka hilo muda wote anapokuwa ngaziani, kwa `set_collision_mask_value`. Hali ya kawaida ikirudi, tabaka nalo linarudishwa.

Asiyejua kama ngazi yake ina ugonjwa gani aanze kwa kuona. Katika menyu ya Debug awashe Visible Collision Shapes ili eneo na mwili vichorwe kwenye skrini, apunguze mwendo wa gemu kwa `Engine.time_scale = 0.1`, kisha aandikishe kila fremu hali, kimo na kasi. Hali ikibadilika zaidi ya mara moja mhusika anapofika juu, mpaka bado ni mmoja. Hali ikitulia lakini kimo kikacheza, mhusika hajawekwa kwenye kimo kamili, au sakafu ya juu haiko pale `juu` inaposema ipo.

Kipimo kikali zaidi ni kushusha hesabu za mwendo kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde katika mpangilio wa mradi. Hatua ya kupanda inakuwa pikseli 4 badala ya 2. Ngazi iliyotulizwa kwa kubahatisha namba, kwa mfano kwa kulisogeza eneo pikseli moja mpaka dalili zipotee, huanza kutetemeka upya hapo hapo. Iliyojengwa kwa hali na kimo kamili humfikisha mhusika kwenye pikseli ile ile, kwa fremu 30 na hata kwa 120.