Barua ya Mwajiri Mezani kwa Afisa wa Viza

Mfanyakazi anayeomba viza ya Schengen kwenda kumtembelea ndugu yake Ujerumani hupeleka karatasi nyingi: fomu, pasipoti, bima ya safari, taarifa ya akaunti ya benki, barua ya mwaliko. Barua ya mwajiri ni ya ukurasa mmoja tu, lakini ndiyo inayogusa shaka kubwa ya afisa wa viza: je, mtu huyu atarudi? Kwenye fomu ya kukataliwa viza ya Schengen, sababu zimechapishwa tayari, afisa huweka alama tu. Mojawapo ni shaka kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza yake haijaisha.

Tuchukue mfano wa mhasibu msaidizi wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Dada yake anaishi Hamburg, naye anataka kukaa huko kuanzia tarehe 6 hadi 20 Agosti. Ameomba barua ofisi ya utumishi, akapewa hii: “Tunathibitisha kuwa mtajwa hapo juu ni mfanyakazi wetu na ana tabia njema. Tafadhali mpeni ushirikiano.” Ina nembo, muhuri na sahihi. Hata hivyo, haimsaidii chochote. Haisemi ameajiriwa lini, kwa mkataba gani, analipwa kiasi gani, wala kama amepewa ruhusa ya kusafiri.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mshahara. Tuseme mhasibu huyu analipwa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Ofisi ikiandika kiasi hicho na kuishia hapo, afisa atafungua taarifa ya benki na kukuta kila mwisho wa mwezi inaingia shilingi 1,306,000. Pengo la shilingi 494,000 linaonekana kama uongo, ilhali ni makato halali: asilimia 10 ya mshahara, yaani 180,000, inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na 314,000 ni kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri. Angekuwa anarejesha mkopo wa elimu ya juu, pengo lingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mkopo huo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo barua itaje mshahara kabla ya makato na kiasi kinachobaki mkononi, kisha iambatanishwe na hati za malipo ya mshahara. Ndipo afisa ataweza kuzilinganisha karatasi hizo tatu bila kubahatisha.

Wapo wanaomwomba mwajiri aongeze mshahara kwenye barua ili mwombaji aonekane ana uwezo. Huko ni kumwangamiza. Taarifa ya benki itamuumbua palepale. Kwa viza ya Uingereza, mwombaji anayebainika kudanganya anaweza kufungiwa asipewe viza kwa miaka 10.

Upande wa likizo, neno lenye uzito ni “imeidhinishwa”. Kuandika kwamba mfanyakazi “anatarajia kuchukua likizo” hakuthibitishi kitu. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na mwikendi huhesabiwa ndani yake. Mhasibu wetu anaweza kuombewa siku 21, kuanzia tarehe 4 hadi 24 Agosti, zikaifunika safari yote na kubakiza siku chache pande zote mbili kwa dharura ya ndege. Sehemu muhimu ya barua ingesomeka hivi:

“Ameajiriwa kwa mkataba wa kudumu tangu tarehe 1 Machi 2019, akiwa mhasibu msaidizi. Mshahara wake ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi kabla ya makato, na shilingi 1,306,000 baada ya makato. Likizo yake ya mwaka yenye malipo, kuanzia tarehe 4 hadi 24 Agosti, imeidhinishwa. Ataripoti kazini tarehe 25 Agosti katika nafasi yake ileile. Safari ni ya binafsi, na gharama si za kampuni.”

Ubalozini barua hii kwa kawaida hupelekwa kwa Kiingereza, lakini mambo yawe hayohayo. Mwajiri asiandike kwamba anamdhamini mfanyakazi kuwa lazima atarudi, kwa sababu hilo haliko mikononi mwake. Athibitishe tu kwamba kazi inamsubiri. Na kama mkataba ni wa muda maalumu unaoisha tarehe 31 Agosti, afisa ataona kwamba kazi yenyewe inakwisha wiki moja baada ya likizo. Ikiwa umekwisha kuongezwa, barua ya kuuongeza iambatanishwe.

Mwishoni liwepo jina na cheo cha aliyetia sahihi, barua pepe ya kampuni na simu inayopokelewa. Ubalozi unaweza kupiga kuhakiki. Anayepokea simu mapokezi akijibu kwamba hamfahamu mtu huyo, kwa kuwa tu hakuambiwa, barua nzima inatiliwa shaka. Ofisi ya utumishi imwachie nakala, na imweleze ampe nani simu hiyo.