Taa ndogo inayosimamisha maabara

Mwaka 1983 Peter Kraljic alichapisha njia ya kupanga manunuzi kwa maswali mawili: bidhaa inakula fedha kiasi gani, na ni vigumu kiasi gani kuipata msambazaji akishindwa?

Chukua hospitali ya wilaya. Glavu zinakula fedha nyingi, lakini wauzaji ni wengi. Hapo itisha zabuni, wabane kwa bei. Kalamu na karatasi ni fedha kidogo na zipo kila duka. Zinunuliwe kwa mkataba mmoja wa mwaka, watu wasipoteze siku wakilinganisha bei.

Vitendanishi vya mashine ya kupima damu ni vya ghali, na mashine nyingi hukubali vya mtengenezaji wake tu. Huyo hatishwi kwa zabuni. Kaa naye, mpatane bei na muda wa kuleta kwa miaka kadhaa.

Kundi linalosahaulika ni la nne: taa ndogo iliyo ndani ya mashine hiyo. Bei yake ni ndogo, hivyo orodha iliyopangwa kwa gharama huizika chini kabisa. Ikiungua, na mwenye nayo ni wakala mmoja aliye mbali, vipimo vinasimama. Dawa yake ni kuweka ya akiba kabatini, hata ikigharimu zaidi.

Usikubali kununua mashine mpya kabla ya kuuliza vitendanishi na vipuri vyake vinauzwa na wangapi.