Namna ya Kumtania Babu Mbele ya Ukoo wa Bibi

Ukishaingia chuo, nyumbani wanakuhesabu kuwa mtu wa kuongea. Ndiyo maana familia ikiwa na jubilei ya ndoa, kamati ikimaliza kupanga turubai, keki na muziki, lazima atokee mtu wa kusema: "Neno la wajukuu atatoa yule wa chuo." Hapo wengi wetu huangukia kwenye moja ya njia mbili. Wa kwanza anasoma risala ndefu kama anamkaribisha mgeni rasmi, na watu wanaanza kutafuta soda zao. Wa pili anawananga wazee kama anavyowananga washikaji hosteli, na turubai zima linakuwa kimya.

Ipo njia ya tatu, na sisi watu wa kusini tumekua nayo: utani. Unawachekesha watu kwa tabia za wazee, lakini ukimaliza kila mtu anajua kwa nini ndoa ile haikuvunjika. Nitaeleza unavyofanya kazi kwa kutumia hotuba niliyoitoa Novemba 2024, Babu na Bibi yangu walipotimiza miaka 50 ya ndoa, kijijini upande wa Newala. Babu ni Mmakua wa Masasi, Bibi ni Mmakonde wa hapohapo Newala. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Kitu cha kwanza ni haki ya kusema. Kwetu si kila mtu anaruhusiwa kumtania mzee. Mama yangu, ambaye ni mtoto wao wa kumzaa, hawezi kusimama mbele za watu akamcheka baba yake. Mkwe ndiyo kabisa, maana anatakiwa awaonee haya. Mjukuu ndiye mwenye uwanja. Mjukuu wa kiume bibi yake humwita "mume wangu", na mimi wa kike namwita Bibi "mke mwenzangu", yaani tunagombea mwanaume mmoja. Kwa hiyo niliposhika maiki sikuanza na "mabibi na mabwana". Nilisema: "Naitwa mke mdogo. Mke mkubwa namwomba ruhusa, leo nina mashtaka." Watu walicheka kabla sijasema kitu chochote, kwa sababu nilikuwa nimewaonyesha leseni yangu.

Utani una njia nyingine pia, ile ya makabila. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huku wanataniana, kwa hiyo jirani Mmakonde anaweza kumrushia Babu maneno ambayo mdogo wake Babu hathubutu. Ila haki hiyo ina deni. Mtani anayekucheka kwenye sherehe ndiye huyohuyo anayetakiwa kufika msibani kwako na kufanya kazi. Ndiyo tofauti ya kutania na kunanga: anayekunanga hana jukumu lolote juu yako kesho. Kama ndoa unayotaka kuisema si ya watu unaowajibika kwao, toa pongezi za kawaida ukae.

Kitu cha pili ni kuchagua tabia. Hapa ndipo kazi ilipo, na haifanyiki siku ya sherehe. Wiki moja kabla nilikwenda kwa mdogo wake Bibi, kisha kwa rafiki wa Babu wa siku nyingi, nikawauliza wote swali moja: "Ni kitu gani hawa wawili wanakigombania tangu ujana mpaka leo?" Usiulize "wanapendana vipi", utajibiwa maneno ya kwenye kadi. Ukiuliza ugomvi usioisha, unapata tabia halisi.

Kati ya niliyoambiwa nilichuja kwa vipimo vitatu. Tabia iwe inajulikana na watu wote, isiwe siri ya chumbani. Iwe wahusika wenyewe huwa wanaicheka. Na ya tatu, ambayo ndiyo ngumu, iwe na sababu iliyo ndani ya maisha yao ya pamoja. Babu anakoroma, kweli, lakini angekoroma hata kama asingeoa. Nikimcheka kwa kukoroma nitakuwa nimecheka pua tu, ndoa sijaigusa.

Nikabaki na mbili, moja ya Babu na moja ya Bibi. Ya Babu inahusu ugeni wake. Wamakonde na Wamakua hufuata ukoo wa mama, na zamani ilikuwa kawaida mume kuhamia na kujenga kwa wakwe zake. Babu alifanya hivyo: aliacha Masasi akapanda Newala. Mpaka leo mambo ya ukoo yakijadiliwa anasema, "Mimi hapa mgeni," halafu anajadili kuliko wenyeji. Basi nikasema:

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi alimpa Babu jembe siku ya tatu. Tatizo akasahau kumwambia alirudishe. Leo ni miaka 50, jembe limekwisha, mpini umebadilishwa, na mgeni bado anaulizia chakula kitakuwa tayari saa ngapi."

Ukoo wa Bibi walishangilia sana, na hiyo ndiyo sehemu ya hatari. Ukimtania mume mbele ya ukoo wa mke ukaishia hapo, umeshampiga mzee wa watu ugenini. Ndugu zake waliosafiri kutoka Masasi wanakaa wamenuna, na wana haki. Kwa hiyo mizaha iende kwa jozi, na wa pili uwe na uzito uleule. Niliwageukia waliotoka Masasi, nikawaambia: "Shemeji zangu, msicheke kidogo hivyo, zamu yenu imefika."

Ya Bibi inahusu maji. Bibi anampimia Babu maji ya kuoga. Anachukua ndoo ya lita 10, anaijaza nusu, anaiweka mlangoni. Siku hizi bomba liko uani, lakini nusu ni nusu. Babu akiongeza kidogo, Bibi anajua kwa kusikia sauti ya ndoo. Nikasema: "Mwanaume ameacha Masasi kwenye mito, amekuja juu huku kuoga kwa kipimo kama dawa ya kikohozi. Mke mkubwa, huyu mume wetu ana miaka 50 hajawahi kulowa mgongo na tumbo siku moja!" Sasa Masasi wakacheka mpaka wakasimama. Na muhimu zaidi, Babu na Bibi waliangaliana.

Hiyo ndiyo alama ya kuangalia. Usimwangalie anayecheka kwa sauti kubwa, waangalie wenye sherehe. Wakiangaliana, uko salama. Mmoja akitazama chini, akianza kukunja leso au kunyoosha kitambaa cha meza, umegusa kidonda, na hapo usijaribu kueleza kwamba ni utani tu. Hamishia mzaha kwako mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandalia sentensi ya akiba: "Lakini mimi nani niseme, mke mdogo hata ugali wa muhogo unamshinda." Sikuihitaji, ila usisimame bila kuwa nayo.

Kitu cha tatu ni kugeuza, na bila hicho mengine yote ni kelele. Kugeuza hakumaanishi kuacha mizaha ukaanza kusifu kwa maneno mengine. Unachukua tabia ileile uliyoicheka, unatoa sababu yake. Vijana wenzangu wengi pale hawakujua kwa nini Bibi anapima maji. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake unameza mvua, na chemchemi zinatokea chini kwenye miteremko. Maji ya bomba yalianza kupandishwa huku miaka ya 1950, lakini kwa vijiji vingi hayakuwa ya kutegemea. Mwanamke aliyeolewa mwaka 1974 alikuwa anaamka usiku, anateremka bondeni, anapandisha maji kichwani. Nusu ndoo ilikuwa safari ya nusu siku.

Na mdogo wake Bibi alikuwa ameniambia jambo ambalo mama yangu mwenyewe hakulijua. Miaka ile ya mwanzo Babu alikuwa anateremka na Bibi kuchota maji, wakati wanaume wenzake wakimcheka kwamba wakwe wamemgeuza mwanamke. Yeye akijibu, "Mimi mgeni, sijui desturi zenu." Kumbe lile neno "mgeni" tulilokuwa tunalicheka lilikuwa na kazi kabla sisi hatujazaliwa. Nilimwomba mdogo wake Bibi ruhusa ya kulisema, akaniambia liseme.

Nikamaliza hivi: "Watu walimcheka Babu alipokwenda kuchota maji na mkewe. Akasema yeye mgeni, hajui. Bibi naye akayapima yale maji, nusu yako, nusu yangu, na ya kesho yabaki. Mtu anayekupimia maji kila siku amekusudia kesho uwepo. Tunyanyue glasi, na ziwe za maji, zijae nusu." Turubai lilinyamaza kidogo, kisha watu wakanyanyua. Wengine walikuwa wanafuta macho, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba ndoa ni uvumilivu.

Angalia pia nilichoacha. Binamu yangu alitaka niseme Babu aliwahi kuuza korosho kwa kangomba bila Bibi kujua. Kwa wasiojua, kangomba ni kuuziana korosho kwa kificho, kwa bei ya chini, nje ya utaratibu wa ushirika, na inakatazwa. Kisa chenyewe kinachekesha. Lakini mtendaji wa kata alikuwa ameketi meza ya pili, na Bibi angeijua habari hiyo siku ya jubilei yake. Mzaha unaompa mmoja wao taarifa mpya kuhusu mwenzake si utani, ni ushahidi wa mahakamani. Vilevile niliacha watoto waliofariki, miezi waliyowahi kutengana, na maumbile ya mtu. Mambo hayo ni ya kweli, pengine ndiyo yaliyowakomaza, lakini kuyasema ni haki yao wenyewe.

Mwisho, hotuba nzima iwe dakika nne au tano, na usikae na maiki. Utani ni mazungumzo, kwa hiyo aliyetaniwa lazima apate nafasi ya kujibu, la sivyo umemwacha na deni mbele za watu. Nilimpelekea Bibi maiki pale alipokaa. Akaishika kwa mikono miwili, akamtazama Babu, kisha akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu," akasema, "nimekusikia. Kuanzia leo mpimie wewe."