Ikisiri Si Utangulizi

Tuseme mwanafunzi ametafiti njia za kuzuia mihogo isiharibike upesi baada ya kuvunwa. Ikisiri yake, ambayo huandikwa mwisho ingawa husomwa kwanza, inaeleza utafiti mzima kwa maneno kama 250: tatizo, mbinu, matokeo na maana yake. Njia iliyofaa itajwe waziwazi, pamoja na siku ilizoongeza. Kuandika “matokeo yatajadiliwa” ni kumnyima msomaji alichokifuata.

Utangulizi hautoi matokeo. Unaonyesha hali ilivyo, waliotangulia waligundua nini, pengo liko wapi na swali ni lipi.

Hitimisho ni la aliyekwisha kusoma kazi yote: linajibu swali hilo, linataja mipaka ya utafiti na kupendekeza hatua. Data mpya isiingie humo.

Ikiwa ikisiri yako ingeweza kuandikwa kabla ya utafiti kufanyika, iandike upya.